Nusu Hatua

Mechi yenyewe haikuwa na kitu. Sisi tulikuwa wa saba kwenye msimamo, wao wa tano, bingwa alishajulikana na walioshuka daraja walishashuka. Watu waliokuja uwanjani siku ile walikuja kumwona Nguzo akitundika daluga.

Alikuwa na miaka 38. Jezi namba 5, beki wa kati upande wa kushoto, kitambaa cha unahodha mkononi, goti la kulia limefungwa bandeji kuanzia chini ya paja. Kocha alikuwa na mpango wake: dakika ya 80 atolewe, wachezaji wa timu zote mbili wasimame safu mbili, apite katikati akipigiwa makofi. Nguzo alikataa kabla hata hatujavaa soksi.

"Usinitoe," alimwambia. "Ukinitoa kwa makofi, nitajua ulikuwa unaniweka kwa makofi."

Kocha alicheka. Nguzo hakucheka. Mimi kipa wake nilielewa alichokuwa anakiogopa. Kuna mchezaji anayepangwa kwa sababu anakaba, na kuna anayepangwa kwa sababu hakuna mwenye moyo wa kumwambia. Heshima haikabi straika. Alitaka dakika 90 zimjibu yeye ni yupi kati ya hao wawili, na alitaka jibu hilo lisipitie mdomoni mwa mtu.

Jibu nilikuwa nalo mimi, na sikuwa na haraka ya kulitoa. Kipa anaona migongo. Beki anaona mpira, anaona straika, anamwona mwenzake kwa pembe ya jicho, lakini mstari mzima wa nyuma unavyokaa, nani amepanda na nani amebaki, hilo tunaliona sisi tuliosimama golini. Na kwa msimu mzima nilikuwa namwona Dogo, namba 4 wetu, kijana wa miaka 20, akisimama nusu hatua nyuma ya mahali alipopaswa kusimama.

Goti la Nguzo lilikuwa haligeuki tena kuliani. Mpira ukipenyezwa katikati yao wawili, kuliani kwake, alihitaji kuzunguka mwili mzima kama lori linalotafuta njia ya kutokea uani. Dogo alishaliona hilo. Kwa hiyo alibaki nyuma kidogo, kidogo sana, na pasi za katikati zikawa zake. Alizifikia, akazisafisha, watu wakamsifu Nguzo kwa kupanga mabeki. Na kweli alikuwa anawapanga. Sauti yake hainyamazi: "Panda! Tulia! Mtu mgongoni! Beba!" Ila kulikuwa na mpango mwingine chini ya mpango wake, na yeye ndiye peke yake nyuma pale aliyekuwa haujui.

Tulifunga mapema, dakika ya 14, mpira wa adhabu uliomgonga mtu ukutani ukamhadaa kipa wao. Sitaki kuuelezea, haukuwa mzuri.

Kitu kizuri kilikuja dakika ya 37. Tulipata kona, Dogo akapanda kupiga kichwa, kona ikaokolewa kwa teke refu, na namba 9 wao akaondoka nao. Kijana mwepesi, miguu ya umeme. Kati yake na mimi kulikuwa na Nguzo tu, na nyuma ya Nguzo hakukuwa na nusu hatua ya mtu yeyote.

Beki wa pupa angemfuata. Nguzo alirudi kinyumenyume, taratibu, mwili ameuweka upande ili njia ya katikati ifungwe na njia ya pembeni ibaki wazi. Alikuwa anamuuzia straika ile pembeni. Straika akaiona nafasi, akaiamini, akaingia kushotoni kwa Nguzo, upande ambao goti lilikuwa bado linamtii. Mguso wa kwanza ulikuwa sawa. Wa pili ukarefuka kiatu kimoja. Nguzo akateleza, mguu wa kushoto ukauchukua mpira mzima, msafi, bila kugusa hata uzi wa soksi, na ukatoka nje kuwa wa kurusha.

Nilipiga kelele nikajisahau. Yeye alibaki chini kidogo, mkono kwenye goti, halafu akanyanyuka akinitazama. Sijawahi kuona mtu wa umri ule akiwa na sura ya mtoto aliyepewa zawadi. Alikuwa amepata jibu lake. Nilivyoona mimi, lilikuwa jibu la kweli kabisa kwa dakika ile moja.

Mapumziko alinijia. Wenzetu walikuwa wanakunywa maji, yeye akasimama mbele yangu.

"Kipa, niambie. Bado nipo?"

"Umemwona namba 9 alivyobaki anakutazama?"

"Sijakuuliza namba 9."

"Upo, Kepteni," nikasema. Ningesema tena vilevile. Mtu hapewi habari ya msimu mzima ikiwa imebaki kipindi kimoja tu.

Dakika ya 63 goti likasema lenyewe. Hakuguswa na mtu. Mpira ulishatoka nje, ni golikiki, na yeye alikuwa ndani ya boksi kushotoni kwangu akijaribu kugeuka tu arudi mahali pake. Akakaa chini. Nilimfikia wa kwanza.

"Mwite Kocha," akasema. Hakulia wala hakupiga ardhi ngumi. Aliivua ile bangili ya kitambaa akampa aliyekuwa karibu, namba 6, bila hata kumtazama ni nani.

Halafu kukawa na kichekesho ambacho Kocha hakukipangia. Tangu 2019 sheria inamtaka mchezaji anayebadilishwa atokee mstari ulio karibu naye zaidi, siyo lazima atembee hadi katikati ya uwanja. Refa wetu ni mtu wa sheria. Akamwonyesha Nguzo mstari wa goli, hatua chache tu kutoka kwenye mwamba wangu. Basi mtu aliyeandaliwa safu mbili za heshima akatokea pembeni ya nyavu, akikanyaga nyasi ndefu, akisukumwa kiunoni na daktari wetu ambaye siku nyingine zote ni fundi baiskeli. Makofi yalipigwa, lakini kwa mbali na kwa kuchelewa, maana wengi hawakujua kama ameshatoka.

Akakaa pale nyuma ya mstari kufungua bandeji. Namba 15 akaingia kushika nafasi yake, nikapiga golikiki, mchezo ukaendelea.

Haikufika dakika tatu. Kiungo wao akainua uso apenyeze pasi, mabeki wetu wakapanda pamoja kumtega namba 9. Wote isipokuwa mmoja. Dogo alibaki nusu hatua nyuma, kama kawaida yake, akimfunika mtu ambaye sasa alikuwa ameketi nje ya uwanja na bandeji mkononi. Sheria iko wazi tangu 1990: ukiwa sawa na mpinzani wa pili kutoka mwisho, hujaotea. Wa mwisho ni mimi, wa pili ni Dogo, na namba 9 alikuwa sawa naye bega kwa bega. Kibendera kilibaki chini. Nilitoka kupunguza pembe, akanipitisha chini ya mkono. Moja moja.

Nilipogeuka kuuchukua mpira wavuni, Nguzo alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ameshika nyavu kwa nje.

"Kwa nini amebaki?" akauliza.

Nikaokota mpira.

"Kipa. Namba 15 kapanda vizuri. Dogo kwa nini amebaki?"

"Ndipo anaposimamaga."

"Tangu lini?"

Sikujibu, na haikuhitajika. Alikuwa ameona mgongo wa Dogo kwa mara ya kwanza. Miaka yote alikuwa ubavuni mwa mabeki wenzake, hajawahi kuwa nyuma yao. Niliiona hesabu ikipita usoni mwake: pasi zote zile, mechi zote zile, sifa zote zile. Nilidhani atakaa tena chini.

Hakukaa. Alianza kutembea. Alizunguka kibendera cha kona akichechemea, viatu vimefunguka kamba, akaushika mstari wa pembeni mpaka akawa sambamba na mabeki wetu. Na kutoka pale, sauti ileile:

"Dogo! Panda! Mimi sipo!"

Dogo akageuka kama aliyeitwa na baba yake.

"Sipo! Hakuna wa kumfunikia! Panda na mwenzako!"

Refa akamwonya kwa kidole. Kocha akamfuata kumrudisha benchi, akaishia kusimama naye palepale. Kiungo wao akarudia pasi ileile, maana timu ikishapata mlango haitafuti dirisha. Safari hii Dogo akapanda. Nilimwona akisita, bega likataka kurudi, miguu ikakataa. Namba 9 akabaki peke yake mbele, na kibendera kikapaa. Nguzo akanyoosha mikono yote miwili juu. Kwa kuotea! Mtu aliyefikisha miaka 38 bila kushangilia hata bao.

Walitufunga la pili dakika ya 86 kwa kona iliyonipita mkononi. Mbili moja, filimbi, imekwisha.

Chumbani Nguzo alimsubiri Dogo avue jezi, akakaa mbele yake. Nikadhani ni ugomvi, na nadhani yeye mwenyewe alidhani hivyo.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoumia msimu uliopita, kaka."

"Na ukanyamaza."

"Ningekwambia ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Ndiyo hivyo."

"Watu walikuwa wananisifu mimi kwa kazi yako."

Dogo akafikiria kidogo. Ni kijana asiye na maneno mengi. "Mimi nilikuwa sijui pa kusimama," akasema. "Nilikuwa nakimbia tu. Wewe ndiye uliyekuwa unanipigia kelele. Nikaona tumegawana: wewe unaona, mimi nakimbia. Leo ulipotoka sikusikia kitu, nikabaki nilipozoea."

Nguzo alitazama goti lake lililovimba. Sikuona kama amekubali. Ilionekana zaidi kama mtu anayehesabu upya fedha aliyodhani ameibiwa, akakuta haijapungua kiasi alichofikiri, na bado imepungua.

"Atakayekuja kucheza tano," akasema hatimaye, "usimfunikie kimyakimya. Subiri akuombe."

"Na asipoomba?"

Nguzo akaninyooshea kidole bila kugeuka. "Muulize huyo. Anaona migongo yote na hasemi kitu."

Nikamwambia leo nimeshafungwa mawili, na la kwanza ni lao wawili wagawane. Dogo akacheka. Nguzo akanirushia bandeji.