Modeli za Atomu: Mstari wa Wakati wa Marudio, kutoka Tufe Gumu hadi Maganda ya Elektroni

Usikariri majina na miaka peke yake. Ukifika kwenye kila tarehe, jiulize: kipimo gani kiliizaa modeli hii, na kipimo gani kiliiangusha? Swali la mtihani huwa ni "eleza kwa nini modeli ya Thomson iliachwa", na anayejibu "kwa sababu Rutherford alikuja 1911" hajajibu chochote.

Karne ya 5 KK

Demokrito wa Ugiriki alidai kwamba vitu vyote vimeundwa kwa chembe ndogo zisizogawanyika. Hakuwa na jaribio hata moja la kuthibitisha. Sentensi moja inatosha hapa, songa mbele.

1803–1808: Dalton na tufe gumu

John Dalton, mwalimu aliyeishi Manchester, hakuona atomu. Alichokuwa nacho ni mizani. Chukua kaboni gramu 12. Ikiungana na oksijeni gramu 16 unapata kaboni monoksidi; ikiungana na gramu 32 unapata kaboni dioksidi. Oksijeni imeongezeka mara mbili kamili, wala hakuna kampaundi ya kati inayotumia gramu 21 au 27. Kama maada ingekuwa kitu kinachogawanyika bila kikomo, namba nzima kama hizi zisingekuwa na sababu. Zikiwa chembe zinazohesabika, sababu iko wazi: chembe moja ya kaboni hushika moja ya oksijeni, au mbili, kamwe si moja na robo.

Kwa hiyo atomu ya Dalton ni tufe gumu, dogo, lisilo na kitu ndani. Kauli zake: atomu haigawanyiki wala haiumbwi, atomu zote za elementi moja zinafanana, masi ikiwemo, atomu za elementi tofauti zina masi tofauti, kampaundi hutokana na atomu kuungana kwa uwiano wa namba nzima ndogo. Kauli ya kwanza iliangushwa na elektroni, na ya pili na isotopu, yaani atomu za elementi moja zenye masi tofauti. Ya mwisho bado tunaitumia kila tunaposawazisha mlinganyo.

Dalton alidhani maji yana atomu moja ya hidrojeni na moja ya oksijeni, ndiyo maana uzani aliokadiria wa oksijeni ulikuwa chini ya nusu ya unaojulikana leo. Modeli yaweza kuwa sahihi na hesabu za mwenyewe zikawa na kasoro.

1897: Thomson agundua elektroni

J. J. Thomson alifanya kazi Cambridge, katika maabara ya Cavendish. Alichunguza miale ya kathodi, yaani miale inayotoka kwenye kathodi ndani ya bomba la kioo lililotolewa hewa karibu yote. Miale hiyo ilipinda kuelekea bamba chanya, kwa hiyo ina chaji hasi. Ilipinda pia ikipitishwa karibu na sumaku.

Wanafunzi wengi huishia hapo, na ndipo alama zinapopotea. Hoja yenye uzito ni hii: alipopima uwiano wa chaji kwa masi, jibu lilibaki lilelile hata alipobadilisha gesi iliyo ndani ya bomba au metali ya kathodi. Chembe isiyojali imetoka kwenye metali gani lazima iwe sehemu ya atomu zote. Kwa vipimo vya leo masi yake ni takriban 1/1836 ya masi ya protoni. Tufe gumu lisilogawanyika likaishia hapo.

1904: Modeli ya keki yenye zabibu

Atomu kwa ujumla haina chaji. Kama ndani yake kuna elektroni zenye chaji hasi, lazima kuwe na chaji chanya ya kuzisawazisha. Thomson aliitandaza chaji chanya kwenye tufe lote, na elektroni zikapachikwa humo kama zabibu ndani ya keki. Unapochora, usiweke kiini katikati na usiandike "protoni". Chora tufe lililojaa chaji chanya, na alama za kutoa zikiwa zimetawanyika ndani yake.

Mwaka huohuo Hantaro Nagaoka wa Japani alipendekeza elektroni zinazozunguka kitovu chanya kama pete za sayari ya Zohali. Mitihani mingi haimuulizi, ingawa kwa maoni yangu anastahili mstari wake: wazo la kitovu lilikuwepo kabla ya ushahidi wake.

1909–1911: Rutherford na kiini

Hans Geiger na Ernest Marsden, wakiongozwa na Ernest Rutherford huko Manchester, walielekeza chembe za alfa kwenye karatasi nyembamba mno ya dhahabu. Kila chembe iliyogonga kioo kilichopakwa zinki salfaidi ilitoa kimulimuli, nao walihesabu vimulimuli hivyo gizani, kwa macho.

Modeli ya Thomson ilitabiri kwamba chembe zote zitapita zikiwa zimepinda kidogo tu, kwa kuwa chaji chanya imetandazwa na haina nguvu mahali popote. Unganisha kila kilichoonekana na maana yake:

- Nyingi zilipita moja kwa moja, kwa hiyo sehemu kubwa ya atomu ni nafasi tupu.
- Baadhi zilipinda kwa pembe kubwa, kwa hiyo kuna chaji chanya iliyokusanyika mahali padogo, inayosukuma chembe za alfa ambazo nazo ni chanya.
- Chache sana, moja katika maelfu, zilirudi zilikotoka, kwa hiyo mahali hapo padogo ndipo ilipo karibu masi yote ya atomu.

Kwa nini tusiseme ziligonga elektroni? Chembe ya alfa ina masi ya takriban mara 7,300 ya elektroni. Elektroni haiwezi kuirudisha nyuma.

Vipimo vya kukumbuka: kipenyo cha atomu ni kama 10⁻¹⁰ m, na cha kiini kiko kati ya 10⁻¹⁵ na 10⁻¹⁴ m. Jambo jingine la kuangalia: jaribio hili halikuonyesha maganda, wala halikugundua nyutroni. Ukiandika hivyo umempa Rutherford kazi ya Bohr na ya Chadwick.

Modeli hii nayo ilikuwa na tatizo zito. Chaji inayozunguka hubadilisha mwelekeo muda wote, na kwa fizikia ya wakati ule chaji ya namna hiyo hutoa mnururisho na kupoteza nishati. Elektroni ingezama kwenye kiini ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde, na atomu zisingekuwepo. Isitoshe, mwanga unaotoka kwenye hidrojeni haukuwa wa rangi zote mfululizo. Ulikuwa wa mistari michache: 656, 486, 434 na 410 nm. Johann Balmer alikuwa ameipatia fomyula mwaka 1885, bila mtu kujua kwa nini ilifanya kazi.

1913: Bohr na viwango vya nishati

Niels Bohr, Mdenmarki wa miaka 27 aliyekuwa amefanya kazi na Rutherford, alitumia wazo la kwanti la Planck la mwaka 1900. Elektroni, alisema, huruhusiwa kukaa kwenye obiti fulani tu. Ikiwa humo haitoi mnururisho. Inaporuka kutoka kiwango cha juu hadi cha chini hutoa fotoni yenye nishati sawa na tofauti ya viwango hivyo. Kwa hidrojeni, n ikiwa namba ya kiwango kuanzia 1:

Eₙ = −13.6 / n² eV

Fanya hesabu hii kwa mkono wako, ndiyo inayoshawishi kuliko maelezo. E₃ = −1.51 eV na E₂ = −3.40 eV, tofauti ni 1.89 eV. Urefu wa wimbi kwa nanomita ni 1240 ukigawanywa kwa nishati katika eV: 1240 / 1.89 ≈ 656 nm. Huo ndio mstari mwekundu wa hidrojeni, umetoka kwenye karatasi bila kugusa bomba la gesi.

Ilipoanguka: kwa heliamu, yenye elektroni mbili, hesabu zilikataa. Bohr pia hakueleza kwa nini obiti nyingine zinakatazwa, aliamuru tu.

1913–1914: Moseley

Henry Moseley alipima eksirei za elementi mbalimbali na kuonyesha kwamba kinachozipanga ni chaji ya kiini, yaani namba atomia. Aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915.

1920–1925: Maganda yajazwa

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Bohr alieleza jedwali la elementi kwa kujaza viwango vya nishati, yaani maganda K, L, M, N. Mwaka 1925 Wolfgang Pauli akatoa sababu ya ukomo: elektroni mbili katika atomu moja haziwezi kuwa katika hali ileile ya kwanti. Hapo ndipo inapotoka fomyula ya uwezo wa ganda, 2n²: yaani 2, 8, 18, 32.

Ushahidi wa maganda uko kwenye nishati za uionishaji za sodiamu. Kuondoa elektroni ya kwanza kunahitaji takriban 496 kJ/mol. Ya pili inaruka hadi 4,562. Kutoka hapo nishati inapanda polepole hadi ya tisa, takriban 28,900, kisha ya kumi inaruka tena hadi zaidi ya 141,000. Soma miruko: moja rahisi, nane zilizo karibu na kiini zaidi, mbili za ndani kabisa. Huo ni mpangilio 2.8.1.

Mtego wa kila mwaka ni potasiamu. Ganda la tatu lina uwezo wa elektroni 18, lakini potasiamu ni 2.8.8.1, si 2.8.9. Ganda dogo la 4s lina nishati ya chini kuliko 3d, hivyo hujazwa kwanza. Ganda la tatu huendelea kujazwa kuanzia skandiamu, namba 21.

1926: Wingu la elektroni

Erwin Schrödinger aliandika mlinganyo wa wimbi la elektroni, na Max Born akaufasiri kama uwezekano wa kuikuta elektroni mahali fulani. Njia ya mviringo ya Bohr ikatoweka; tulichobaki nacho ni obitali. Maganda yamebaki kama viwango vya nishati, na michoro ya miduara tunaitumia kwa kuwa inarahisisha hesabu ya elektroni.

1932: Chadwick na nyutroni

James Chadwick aligundua nyutroni. Ilichelewa kwa sababu haina chaji: haipindwi na umeme wala sumaku. Isotopu, tatizo lililobaki kwenye kauli ya pili ya Dalton, zikapata maelezo.

Jipime

1. Kipimo gani cha Thomson kilithibitisha kwamba elektroni imo kwenye atomu zote? *Uwiano wa chaji kwa masi haukubadilika kwa gesi wala kwa metali.*
2. Fotoni inayotoka elektroni ikiruka kutoka n = 2 hadi n = 1 kwenye hidrojeni ina nishati gani? *−3.40 − (−13.6) = 10.2 eV. Ni urujuanimno, kwa hiyo jicho haliioni.*
3. Andika mpangilio wa kalsiamu, namba atomia 20. *2.8.8.2, au 1s² 2s² 2p⁶ 3s² 3p⁶ 4s².*
4. Elementi ina mruko mkubwa wa kwanza wa nishati ya uionishaji kati ya elektroni ya tatu na ya nne. Ina elektroni ngapi kwenye ganda la nje? *Tatu.*