Fomu ya kujisajili dereva wa abiria na vifurushi

Jaza mwenyewe kwa simu yako, usimpe mtu akujazie. Picha za karatasi ziwe wazi na kona zote 4 zionekane. Penye kisanduku cha maelezo andika kama unavyoongea, anayesoma ni mtu.

MUOMBAJI

Jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho: Mohamedi Rashidi Selemani

Tarehe ya kuzaliwa: 9/8/1991

Unaomba kazi gani: Vyote viwili. Mchana abiria, usiku vifurushi. Usiku abiria sitaki kwa sasa, macho yangu hayapendi taa za wanaokuja mbele.

Umeshawahi kuomba hapa? Ndio, hii mara ya 3. Mara ya kwanza mtambo ulinijibu "majina hayafanani" ndani ya dakika 2, hata chai sijamaliza. Mara ya pili nikarudishwa kwenye namba ya chesisi. Sasa hivi nimeamua kueleza kila kitu kwenye visanduku ili anayekagua asihangaike, naomba tu asome mpaka mwisho kabla hajabonyeza kataa.

LESENI

Tarakimu 4 za mwisho za leseni: 7716

Daraja: B. Pikipiki sina, msinipangie pikipiki.

Ilitolewa mara ya kwanza / inaisha: 2016 / 22/11/2027

Je, jina kwenye leseni linafanana na la kitambulisho? Kama hapana, eleza: Hapana na hapa ndo tatizo lilipo. Kitambulisho kinasema Mohamedi Rashidi Selemani, leseni inasema Mohammed R. Suleiman. Mtu ni mmoja, ni mimi. Siku naenda kuchukua leseni yule dada aliyekuwa anachapa aliandika anavyoona yeye, nikamwambia dada jina langu linaishia na i, akasema ni lile lile tu. Kumbe sio lile lile, kwa kompyuta hao ni watu wawili. Nimeambatanisha kiapo cha majina kilichogongwa muhuri na wakili, ukurasa 1, majina yote mawili yameandikwa kamili na picha yangu ipo juu. Tarehe ya kuzaliwa ni ile ile kote, angalieni hiyo, na sahihi pia. Leseni nikiihuisha 2027 nitarekebisha.

Picha ya uso: Imepigwa leo, bila kofia, bila miwani. Ndevu nimenyoa, kwenye leseni ninazo.

GARI

Aina na mwaka: Toyota Vitz, 2014, nyeupe, milango 5, injini cc 996

Namba ya chesisi (herufi na tarakimu 17, haina herufi I, O wala Q): KSP130-2094417

Kama namba yako haifiki 17, eleza: Haifiki na haitafika, ina 13 tu ukitoa kistari. Gari imetengenezwa kwa soko la Japani na magari ya kule yana namba fupi, inaanza na namba ya modeli halafu tarakimu 7. Mara ya pili niliyoomba kisanduku kiligoma kabisa kikawa chekundu, nikaongeza sifuri 4 mbele ili kijae, na hapo nikakataliwa kwa sababu haifanani na kadi. Ni kosa langu, sirudii. Nimepiga picha ya namba yenyewe ilivyogongwa kwenye bodi, nimefuta vumbi na kitambaa ndo nikapiga, inasomeka herufi kwa herufi, na picha ya kadi iko pembeni yake. Linganisheni hizo mbili.

Mwenye gari kwenye kadi: Sio mimi. Ni shemeji yangu, mume wa dada. Barua yake ya ruhusa imeambatanishwa, amesaini, ametaja namba ya gari na ameandika kwamba anajua nafanyia biashara na sio kuendea sokoni. Kopi ya kitambulisho chake ipo na namba yake ya simu iko kwenye barua, mpigieni ila mpige jioni, mchana yuko kazini kwenye kelele.

Bima: Kubwa, ya biashara, inagusa abiria wa kulipa na mizigo, inaisha 30/9. Kabla ya hapo tulikuwa na bima ya matumizi binafsi. Nilimuuliza wakala nikigonga nikiwa na abiria aliyelipa itakuwaje, akacheka akasema hapo utalipa mwenyewe. Tukabadilisha wiki ile ile, shemeji alinung'unika kidogo lakini jina la dereva limeingia na limeandikwa kama kwenye kitambulisho.

Ukaguzi wa gari: Umefanyika 4/3, cheti kipo. Breki, taa, honi, waipa sawa. Mikanda 5 yote inafunga, ule wa katikati nyuma ulikuwa umezama chini ya siti nikautoa. Tairi za mbele mpya, namba ya ubavuni inaishia 3124, maana yake wiki ya 31 ya mwaka 2024. Za nyuma zina milimita 4. Tairi ya spea ni nzee, inaishia 0915, haijatumika ila mpira umeanza kupasuka pembeni, nitanunua nyingine kabla sijaanza kazi, nimeona bora niseme kuliko mkaguzi wenu aione mwenyewe.

HISTORIA

Ukiwa na kosa la zamani haina maana umeshakataliwa. Ukilificha ndo tunafunga faili.

Umewahi kuhukumiwa na mahakama? Hapana. Cheti cha tabia njema cha polisi kimeambatanishwa, alama za vidole zilichukuliwa upya, na kina majina yote mawili kwa sababu nilikwenda na kile kiapo.

Makosa ya barabarani miaka 5 iliyopita: Mawili ya mwendo, nimelipa yote, risiti zipo. La pili nilikuwa na haraka ya kijinga tu, sina la kujitetea.

Ajali: 1, 2023. Nimesimama kwenye taa nyekundu, nikagongwa kwa nyuma, bampa likapasuka. Hakuna aliyeumia. Ripoti ya polisi inaonyesha kosa ni la aliyenigonga.

Umewahi kufungiwa akaunti kwenye apu nyingine ya usafiri au vifurushi? Ndio. 2024, apu ya vifurushi. Nilikuwa naumwa siku 3, mdogo wangu akaniambia kaka nipe simu nipige oda mbili tatu tusilale njaa, nikampa. Apu ikaomba selfi katikati ya safari, ikaona sura sio yangu, wakafunga hapo hapo. Mwanzo nilikasirika sana, nikawa nawaambia watu nimeonewa. Halafu siku moja dada akaagiza gari, akaja dereva sura nyingine na jina lingine, akanipigia anauliza apande asipande. Nikamwambia asipande. Tangu hapo sikuwahi tena kusema nimeonewa. Mdogo wangu naye sasa ana leseni, ataomba kwa jina lake.

Unaruhusu tukague rekodi yako ya polisi na ya leseni sasa na kila mwaka ukiwa kazini? Ndio. Tafuteni kwa majina yote mawili, mkitafuta kwa moja leseni haitatokea.

VIAMBATISHO

Kitambulisho mbele na nyuma, leseni mbele na nyuma, kiapo, kadi ya gari, picha ya chesisi, barua na kitambulisho cha shemeji, bima, cheti cha ukaguzi, cheti cha polisi, risiti 2, ripoti ya ajali. Kadi ya gari nimeipiga upya nje mchana, ile ya mara ya kwanza ilikuwa na kivuli cha mkono wangu juu ya jina.

Sahihi: M. R. Selemani

Tarehe: 11/3/2026