Kima punju, lami na vivuko vya chini: mapitio mafupi kwa wenzangu wa kikundi

Jamani, juzi pale barazani tulibishana mpaka chai ikapoa, nusu wanasema kikundi kiombe kivuko cha wanyama cha chini ya barabara pale msituni Jozani, nusu wanasema matuta yanatosha, na mie nikasema kabla hatujaandika barua kwa mtu ngoja nikusanye nilichosoma tukiangalie pamoja. Ndo hiki.

Taaluma yenyewe, ikolojia ya barabara, yaani kuchunguza barabara zinavyowaathiri viumbe na mazingira, si kongwe. Mjerumani Heinz Ellenberg na wenzake ndo wanaohesabiwa kuipa jina mwaka 1981, halafu Richard Forman wa Marekani akaisambaza, yeye na mwenzake waliandika mwaka 1998 kwamba athari za barabara zinafika kama asilimia 15 mpaka 20 ya ardhi ya Marekani nzima, maana barabara haiishii pale lami inapoishia, kuna kelele, kuna taa, kuna jua linaloingia msituni ubavuni, kuna mtu anayefuata barabara kwenda kukata kuni.

Tuanze na kugongwa maana ndo tunakokuona. Kwetu kisa kinachojulikana ni kima punju, mnyama ambaye asili yake ni Unguja peke yake duniani, sensa iliyotolewa 2017 ilihesabu zaidi ya 5,800. Kwenye barabara inayopita Hifadhi ya Taifa Jozani–Ghuba ya Chwaka makadirio ya zamani yalikuwa kima mmoja anakufa kila wiki 2 au 3, na baada ya kuwekwa matuta 4 ikashuka ikawa kama mmoja kila wiki 6. Nafuu kubwa hiyo. Ila watafiti wakatoa tahadhari ambayo kwangu ndo nzito kuliko namba yenyewe, kwamba mnyama mwindaji mara nyingi anachukua mtoto, mzee au mgonjwa, gari halichagui, linamchukua hata jike mzima aliye katika umri wa kuzaa, na kima anazaa mmoja mmoja tena kwa kupishana sana, kwa hiyo kundi likipoteza majike wawili watatu hasara haijai mwakani.

Sasa hapo kwenye kuhesabu mizoga kuna mtego. Mie napita njia ile na vespa karibu kila siku, kuna asubuhi moja niliona komba kagongwa karibu na tuta la mwisho, bado damu mbichi, nikaenda zangu Kitogani kununua vitu nikarudi haikufika saa nzima, kunguru wa Kihindi washamaliza, kilichobaki ni doa na unyoya wa mkia. Angepita mtu wa kuhesabu saa nne angeandika sifuri. Chura na kinyonga ndo usiseme, tairi la pili tu limeshawafuta. Kwa hiyo idadi ya mizoga siku zote ni ya chini kuliko ukweli, na anayehesabu kwa miguu anaona zaidi kuliko anayehesabu akiwa ndani ya gari, ukilinganisha mwaka huu wa miguu na mwaka jana wa gari umejidanganya mwenyewe.

Na barabara isiyo na mizoga si lazima iwe salama. Inawezekana wanyama wa kando washakwisha, au wanaiogopa hawavuki kabisa. Hii ya pili ndo athari ya ukuta. Gari zikiwa chache wengi wanavuka salama, zikiongezeka vifo vinapanda, zikizidi sana vifo vinashuka tena kwa sababu hakuna anayethubutu, wataalamu wengi wanataja gari 10,000 kwa siku kuwa pale barabara inageuka ukuta kwa wanyama wengi. Wadogo wa ardhini ukuta wao unakuja mapema zaidi, kwa konokono au chura wa msituni ule upana wa lami ya moto saa saba mchana ni jangwa. Msitu unakatika vipande, kila kipande na jamaa zake, wanaoana ndugu kwa ndugu, na hilo halionekani kwenye picha yoyote mpaka miaka ipite.

Vivuko basi. Mfano unaotajwa kila mahali ni Banff kule Kanada, wana vivuko vya juu na vya chini kadhaa wa kadhaa, na ajali za wanyama wakubwa wenye kwato zilishuka zaidi ya asilimia 80. Watu wanaishia hapo wanasema "tujenge kalvati kubwa". Wanachosahau ni uzio. Uzio ndo uliozuia vifo, kivuko kinatoa njia ili uzio usiwe ukuta mpya, na tathmini moja ya 2016 ilionyesha uzio mfupi chini ya kilomita 5 matokeo yake ni ya kubahatisha maana wanyama wanazunguka mwisho wake. Huku kwetu kilomita 5 ni kijiji, shamba la muhogo, njia ya skuli, na mageti ambayo hakuna atakayeyafunga.

Halafu umbo. Kuna kipimo cha uwazi, upana mara kimo gawanya kwa urefu wa tundu, kwa mita. Kalvati la mita 1 kwa 1 chini ya barabara ya mita 10 linatoa 0.1, wakati kwa kulungu wa Marekani walipendekeza 0.6. Paa nunga, yule paa wa msituni kwetu, ni mdogo mno kuliko kulungu kwa hiyo namba ile tusiibebe nzimanzima, lakini mnyama mwoga wa vichakani kuingia tundu la giza lenye maji, mie nina wasiwasi. Na kima hashuki akaingia shimoni kwa hiari. Wenzetu wa Diani, Kenya, wamewafungia mbega ngazi za kamba juu ya barabara na wanazitumia.

Tukijenga, tutajuaje kimefanya kazi? Watu wanaweka kamera, wanatoa picha 200 za paa, makofi. Picha 200 zinaweza kuwa za jike mmoja anayelala karibu. Kupita si kufanikiwa. Maswali ni matatu: vifo vimepungua? Wanyama wa pande mbili wanakutana na kuzaliana? Idadi ya kundi inashikilia? Na yote yanajibiwa kwa kupima kabla na baada, pale penye kivuko na pia kipande kingine cha barabara kinachofanana kisicho na kivuko, la sivyo mvua ikiwa mbaya mwaka huo kima wakahama utasema kivuko kimeokoa. Hata yale matuta yetu, nayaamini, lakini hakuna kipande cha kulinganisha nacho kilichohesabiwa, na gari za watalii hazijapungua. Muda nao, kule Banff dubu walichukua miaka kuzoea, ripoti ya miezi sita haitoshi. Na kamera ikionyesha mbwa koko na vijana wa baiskeli usiku kucha, ujue paa hapiti hapo.

Kwa maoni yangu tuombe matuta zaidi na matawi yaachwe yakutane juu ya barabara, kivuko cha chini baadaye kwa ajili ya paa, kikiwa na uzio na kiwe kikavu. Lakini kabla ya barua tunahitaji hesabu ya "kabla", na hiyo haigharimu kitu. Jumatatu saa 12 asubuhi kabla kunguru hawajaamka vizuri, kwa miguu, kutoka tuta la kwanza hadi la mwisho na kipande kama hicho mbele yake kisicho na matuta. Mie nitakuwepo, nahitaji watu wawili na daftari moja.