Uliuliza bei ya tangi mwaka jana, nasi tukanyamaza

Habari za siku nyingi,

Huenda hunikumbuki, basi nikukumbushe. Wiki ya Maonyesho ya Kilimo mwaka jana, pale Jamhuri Park, ulipita kwenye kibanda chenye tangi jeusi la maji ya mvua mlangoni na mwanamke wa aproni ya buluu akiligonga kwa ngumi kuonyesha ugumu wake. Mwanamke yule ni mimi. Ulisimama, ukauliza bei, ukaandika jina, namba na barua pepe yako kwenye daftari letu. Nami nikakuahidi kwamba kabla wiki haijaisha fundi angekutafuta aje kupima paa.

Hakuna aliyekutafuta.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Chetu hakikuwa na mshindo wowote, kilikuwa uzembe mtupu. Kijana aliyekuwa akishika simu aliacha kazi Oktoba, majina aliyokuwa ameyaingiza kwenye kompyuta yakabaki humo, na kila mmoja wetu akaamini mwenzake ameshayapitia. Mwezi uliopita nilikuwa natafuta risiti za kodi, nikaikuta ile faili: watu 318, na kwenye safu ya "amepigiwa" hakuna hata alama moja. Nikaenda kabatini nikalitoa daftari lenyewe. Wino wa buluu uliisha ukurasa wa tisa, tukahamia kalamu ya kijani. Mtu mmoja ameandika pembeni, "pigeni baada ya saa kumi, niko zamu." Mwingine hakuandika chochote chini ya jina lake, alichora nyumba ndogo na mshale unaoonyesha pembe anayotaka tangi likae. Mchoro ule ndio ulionitia aibu zaidi. Mtu hachori nyumba yake kwenye daftari la mgeni kama anapitisha wakati tu.

Kwa hivyo pole, kwa moyo mmoja. Na kama kipindi hiki chote umeshanunua kwingine, nitakuelewa kabisa.

Naandika sasa kwa sababu mvua za vuli zinakaribia. Tangi lenyewe tunalileta kwa siku moja, lakini msingi wa zege lazima ukauke. Ukimwaga zege leo na kujaza tangi kesho kutwa, unajitafutia hasara. Lita moja ya maji ni kilo moja, kumaanisha tangi la lita 5,000 likijaa linakalia msingi wako kwa tani 5. Nimewahi kuitwa Kasarani kuangalia tangi lililoinama kama mlevi anayesubiri matatu. Fundi wa mwenyewe alikuwa amelimwagia zege jembamba juu ya udongo mweusi usioshindiliwa, mvua ya kwanza ikanyesha, udongo ukalainika, upande mmoja ukazama. Tangi lilikuwa zima. Kilichokatika ni bomba la kutolea maji, na usiku mmoja maji yote yakaishia kwa jirani. Sisi tunachimba udongo ule mweusi mpaka ardhi ngumu, tunashindilia mawe, tunalaza waya wa BRC ndani ya zege, kisha tunaacha msingi siku 7 huku ukimwagiwa maji asubuhi na jioni. Siku hizo 7 hatuzipunguzi hata ukitusihi.

Swali lililorudi mara nyingi kwenye daftari ni hili: "Tangi la ukubwa gani?" Laiti tungekujibu mwaka jana. Kwa hesabu yake huna haja ya fundi. Pima urefu na upana wa nyumba kwa chini, ukifuata ukingo wa paa. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba inatoa lita moja. Nyumba ya mita 12 kwa 10 ina mita 120 za mraba, kwa hivyo mvua ya milimita 20, ile ya alasiri moja inayokukuta umesimama chini ya kibanda cha M-Pesa, inaangusha lita 2,400. Toa kama sehemu moja kwa tano kwa yanayoruka, yanayovuja na yanayokauka juu ya mabati, unabaki na lita 1,920. Mvua tatu za namna hiyo na tangi la lita 5,000 limefurika.

Sasa geukia upande wa matumizi. Familia ya watu watano wanaotumia jerikeni 3 za lita 20 kila mmoja kwa siku inamaliza lita 300. Lita 5,000 zinawapeleka siku 16. Ukikumbuka ratiba ya mgao wa maji ya mtaa wako, utajua mwenyewe kama siku 16 zinakutosha au unahitaji lita 10,000. Maoni yangu, ingawa biashara yangu ingependa useme 10,000: kwa nyumba ya kawaida yenye bomba la kaunti linalotoa maji angalau mara mbili kwa wiki, 5,000 zinatosha. Walio Ruai, Kamulu na sehemu ambazo bomba halijafika, hao ndio waanze na 10,000. Halafu pima geti. Tangi la lita 10,000 lina upana unaozidi mita 2, na mteja wetu mmoja ilibidi alipokee kwa kulipitisha juu ya ukuta, wanaume sita wakilisukuma na mama mwenye nyumba akipiga kelele kuhusu maua yake.

Maji mengi tunayokunywa Nairobi yanatoka mbali, bwawa la Ndakaini kule Murang'a. Kiangazi kikilibana bwawa hilo, mifereji ya Umoja na Lang'ata inalalamika pamoja. Na Aprili 2024, mvua ilipotufurikia mpaka watu wakapoteza makazi Mathare, maji mangapi yalipita juu ya mapaa yetu wenyewe yakaenda zake mtoni? Nilikuwa nyumbani nikiyatazama yakimwagika kutoka kwenye gata yangu iliyoziba majani, mimi muuza matangi. Tangu siku hiyo nasafisha gata mwisho wa Septemba bila kukumbushwa.

Bei. Mwaka jana tulikuandikia tangi la lita 5,000 kwa shilingi 38,500 na la lita 10,000 kwa shilingi 81,000. Leo yanauzwa 41,500 na 88,000, VAT ikiwa ndani. Kwa kuwa aliyechelewa ni sisi, wewe uliye kwenye daftari utalipa bei ya daftari, ukithibitisha kabla ya tarehe 10 Oktoba. Usafirishaji ndani ya Nairobi ni juu yetu. Msingi na gata siwezi kukupa kwa bei ya zamani, kwa sababu saruji na mabati nanunua kwa bei ya leo: msingi wa tangi dogo ni shilingi 18,000, na gata ni shilingi 950 kwa mita, pamoja na vishikio na kazi ya fundi. Unalipa nusu msingi ukianza na nusu maji yakianza kuingia. Kuja kupima ni bure, na ukitaka kuchukua vipimo vyetu umpelekee fundi wako, chukua.

Katika bei hiyo kuna vitu viwili ambavyo watu huviruka. Cha kwanza ni bomba la maji ya mwanzo, lile linalopokea mvua ya dakika za kwanza pamoja na vumbi, majani na mavi ya ndege, ili yasiingie tangini. Baada ya mvua unafungua kifuniko chake chini, uchafu unatoka. Cha pili ni wavu wa mbu mdomoni na kwenye bomba la kufurikia. Hata hivyo maji ya paa ni ya kufulia, kuoshea, kumwagilia na choo. Ukitaka kuyanywa, chemsha au tia dawa ya klorini.

Wapo pia ambao singependa wanunue. Kama unapanga ghorofani na paa si lako, zungumza na mwenye nyumba kwanza. Nitakuja nizungumze naye ukitaka, lakini usitoe pesa yako. Kama paa lako ni la zile shiti za kizamani za asbesto, hatuweki gata mpaka libadilishwe. Na kama umebakisha miezi michache kuhama, ngoja uhamie.

Kunijibu si kazi. Bonyeza jibu kwenye barua pepe hii na uandike neno moja. Ukiandika BADO, nitakupigia mwenyewe ndani ya siku 2 tupange siku ya kupima. Ongeza mtaa wako na saa unayopenda kupigiwa, hasa kama uko zamu. Ukiandika TAYARI, nitajua umeshapata tangi na sitakusumbua na bei, ingawa ningefurahi kusikia kama linakufaa. Ukiandika BAADAYE, nitakuandikia mara moja tu, Februari, kabla ya masika.

Na ukiandika FUTA, jina lako, namba na barua pepe vinaondoka kwenye kompyuta yetu, na mstari wako kwenye daftari unafutwa kwa kalamu nzito siku hiyo hiyo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kukataa matangazo na huna haja ya kueleza sababu. Usipojibu kabisa, tarehe 31 Oktoba nitakufuta mwenyewe. Nimeona madhara ya kuweka majina ya watu kabatini mwaka mzima bila kuyatumia, sitaki kurudia.

Karakana yetu haijahama, bado tuko Kariobangi Light Industries. Ukipita, njoo ugonge tangi kwa ngumi yako. Chai ipo mpaka saa tano.

Wako,
Wanjiku
Mwenye karakana, na ile aproni ya buluu

N.B. Wewe uliyechora nyumba: nimeutazama mchoro wako kwa makini. Mshale wako unaonyesha pembe ya jikoni, lakini paa ulilochora linainamia upande wa pili, kwenye geti. Maji yatashukia huko. Tafadhali usimwage zege kabla hatujazungumza.