Umeme Umekatika, Mashine Haijazimwa

Muswada wa video ya mafunzo ya usalama, kiwanda cha kukamua alizeti, Kizota, Dodoma. Dakika 6. Ionyeshwe kwa waendesha mashine na vibarua wa msimu kabla ya zamu yao ya kwanza.

MALENGO
Akimaliza kutazama, mfanyakazi aweze kueleza kwa nini mashine iliyosimama baada ya umeme kukatika bado ni hatari. Aweze kufunga swichi kwa kufuli na kuhakiki kabla ya kugusa hopa. Na aweze kumwambia bosi anayemharakisha "subiri". Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

KWA WAPIGA PICHA
Turekodi Jumapili. Mwigizaji akiwa karibu na mashine, mkanda uwe umetolewa kwenye puli na swichi imefungwa kwelikweli, si kwa maigizo. Mashine inapowaka, irekodiwe peke yake, watu wote wakiwa nje ya mstari wa njano. Damu tusionyeshe. Mtu akiona damu hufumba macho, na sisi tunataka aone mkono ulikuwa wapi.

ONYESHO LA 1: HOPA
(Asubuhi. Wateja wamepanga magunia hadi mlangoni. Mashine inanguruma. Ghafla kimya, taa zimezima.)

MTEJA: Umeme tena! Na mimi nimetoka Kibaigwa alfajiri.

JUMA: Afadhali, nitoe hizi zilizokwama.
(Anapanda ngazi, anaingiza mkono kwenye hopa. Picha inaganda.)

MSIMULIZI: Tazama ukutani. Mpini wa swichi bado uko juu.
(Picha ya karibu ya mpini, sekunde 5. Kisha mashine peke yake. Inawaka kwa kishindo.)

MSIMULIZI: Umeme haupigi hodi. Swichi ya mkono ya namna hii haishuki yenyewe umeme unapokatika, kwa hiyo ukirudi mota inaanza pale pale. Skrubu inayoponda mbegu itaponda chochote itakachokikuta.

ONYESHO LA 2: KUFULI
(Mahali pale pale. Juma ameanza kupanda ngazi.)

MZEE LUKAS (fundi): Mbukwenyi! Juma, shuka kwanza. Mashine umeizima?

JUMA: Si imezimika, mzee?

MZEE LUKAS: Imezimika. Nani kaizima?

(Juma anacheka, anaona aibu kidogo. Anashusha mpini, anatia kufuli, anatundika kibao: "USIWASHE. JUMA YUPO KAZINI.")

MZEE LUKAS: Lete ufunguo nikushikie.

JUMA: Hapana, mzee. Anayeingiza mkono ndiye anayekaa na ufunguo.

MZEE LUKAS: Hapo sawa. Sasa jaribu kupandisha mpini.
(Haupandi. Mzee Lukas anapima nyaya za mota kwa testa; taa ya testa haiwaki. Kisha wanaangalia puli: imetulia kabisa.)

JUMA: Nitoe sasa?

MZEE LUKAS: Toa, kwa kijiti. Mkono wako una kazi nyingine nyumbani.

ONYESHO LA 3: BOSI
(Bosi aigizwe na mwenye kiwanda mwenyewe. Vibarua hawatamwamini mtu wa kukodi akisema maneno haya.)

BOSI: Juma, magunia 40 yanasubiri. Tingisha tu hapo, umeme bado haujarudi.

JUMA: Bosi, naomba dakika tano nifunge swichi kwanza.

BOSI: Dakika tano!
(Kimya kirefu. Mwongozaji asikifupishe. Da Neema, msimamizi wa zamu, anatoka stoo.)

DA NEEMA: Bosi, ni mimi niliyewaambia hivyo. Akikataa yeye, nimekataa na mimi.

BOSI: (anapumua) Haya. Fungeni. Wateja nitaongea nao mimi.

MSIMULIZI: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imempa mwajiri jukumu la usalama wa mashine zake. Kinga ya mkanda ikitolewa kwa matengenezo, irudishwe kabla ya kuwasha. Na ajali ikitokea, hata ndogo, mwambie msimamizi siku hiyo hiyo. Ukificha, hata fidia inakuwa ngumu kudai.

ONYESHO LA 4: PICHA ZA HARAKA
(Bila maneno. Da Neema anafunga vizuri ncha za kanga yake kabla ya kupita karibu na puli. Kibarua anamwaga pumba za mbao juu ya mafuta yaliyomwagika sakafuni, anafagia.)

SWALI LA MWISHO (maandishi kwenye skrini)
Umeme umekatika saa nne. Juma amefunga swichi, ufunguo uko mfukoni, kisha ameenda kunywa chai. Umeme umerudi, wateja wanapiga kelele, na kuna ufunguo wa akiba ofisini. Wewe unafanya nini?

(Video isimamishwe hapa. Da Neema asitoe jibu mpaka kila kibarua amesema lake, kuanzia mgeni kuliko wote.)