Malalamiko kuhusu moshi na maji machafu yanayoingia Mto Sabaki

Riziki Kahindi,
Kijiji cha Sabaki,
Malindi.
14 Julai 2025

Kwa Meneja,
Kiwanda cha Ngozi,
ukingo wa kusini, Mto Sabaki.

Kwa Afisa wa Mazingira,
Serikali ya Kaunti,
Malindi.

Nakala: Chifu wa lokesheni, Mwenyekiti wa kikundi cha wavuvi.

Waheshimiwa,

KUH: MOSHI WA USIKU NA MAJI MACHAFU YANAYOINGIA MTONI

Mimi ni mkaazi wa ng'ambo ya kiwanda, mwalimu mstaafu wa kemia. Nawaandikia nyote wawili kwa barua moja ili kila mmoja ajue mwenzake ameambiwa nini.

Tangu kusi ianze kuvuma, moshi wote wa kiwanda unakuja kwetu. Mchana hauna neno sana. Ni baada ya saa nne usiku, vinapochomwa vipande vya ngozi na manyoya nyuma ya bohari, ndipo watu wanapofunga madirisha na joto hili la pwani. Asubuhi leso zilizolala kwenye kamba zina masizi yanayoganda kama mafuta. Ukiyafuta yanazidi kuenea. Mjukuu wangu ana pumu, na mwezi huu amepelekwa zahanati usiku zaidi ya mara moja. Meneja, ngozi iliyotiwa kromiamu haichomwi hovyo. Moto unaweza kuigeuza kromiamu hiyo kuwa ya aina yenye sumu kali, na jivu lake mnalimwaga pale pale ambapo mvua italikokota hadi mtoni.

Maji nayo yana wakati wake. Bomba lililo chini ya mkunazi hufunguliwa usiku, na kukipambazuka povu limeshika mizizi ya mikoko. Juma lililopita wavuvi walivuta wavu wa mkizi ukaja na mabonge ya manyoya ya mbuzi yanayoteleza, yananuka mayai viza. Walikaa mchana kutwa wakiyanyofoa kwenye matundu, na samaki waliopata hakuna aliyetaka kuwanunua. Nilichovya karatasi ya kupimia asidi mdomoni mwa bomba ikageuka buluu ya kukolea, kama pH 11 hivi. Si kipimo cha maabara, lakini Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 zinataka maji yanayoachiliwa mtoni yawe na pH kati ya 6.5 na 8.5.

Najua jibu litakalotolewa: Sabaki ni mchafu siku zote. Ni kweli, kila masika mto huu unatuletea udongo wa bara mpaka bahari ya Malindi inageuka kahawia, na tumezaliwa tukiuona hivyo. Lakini udongo hauna manyoya wala haunuki salfaidi. Halafu njooni mtazame juu ya bomba lenu, mita chache tu, mtaona maji ya matope ya kawaida na watoto wanaogelea.

Nina hofu nyingine, na hii ni kwa ajili ya vijana wetu walioajiriwa humo. Maji ya chokaa na salfaidi yakikutana na maji ya asidi kwenye mtaro mmoja, hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo inaweza kumwangusha mtu kabla hajapata nafasi ya kukimbia. Kwa harufu tunayoipata sisi ng'ambo, sidhani mitaro hiyo imetenganishwa.

Hatuombi kiwanda kifungwe. Nyumba nyingi hapa zinakula kwa mshahara wake, yangu ikiwemo, maana mwanangu ni mpakiaji. Tunachotaka ni uchomaji ukome leo, kwani huo hauhitaji hata shilingi kuusimamisha. Manyoya yachujwe kabla maji hayajatoka, mitaro itenganishwe, na bomba lisifunguliwe mpaka maji yawe yamesafishwa. Meneja atuonyeshe pia leseni ya kutiririsha maji aliyopewa na NEMA, na vipimo vyake vya karibuni.

Kwako Afisa, ombi langu ni kuchukua sampuli usiku, bila kutoa taarifa kiwandani. Ukija saa nne asubuhi utakuta bomba kavu na lango limepakwa rangi. Wavuvi wako tayari kukuvusha kwa mtumbwi.

Tunapendekeza tukutane mbele ya chifu katika siku 14 tangu barua hii ipokelewe. Ibara ya 42 ya Katiba inatupa haki ya mazingira safi na yenye afya, na Ibara ya 70 inamruhusu yeyote kwenda mahakamani kwa haki hiyo bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko hapa hapa Malindi, nauli ya tuktuk tu. Ningependa zaidi tumalizane barazani.

Nimeambatanisha picha za wavu na za bomba, pamoja na sahihi za majirani. Nambari yangu ya simu iko kwa mzee wa mtaa.

Wenu mwaminifu,

Riziki Kahindi