Ankara ya safari ya kikundi: Tarangire na Ziwa Manyara, watu 24

Namba ya ankara: 0147/2025
Tarehe: Jumatatu, 21 Julai 2025
Kwa: Mama Mwenyekiti na Mama Mhazini, kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, Chumbageni, Tanga
Kutoka: Ofisi ya safari za makundi, Arusha
Safari: Jumamosi 16 na Jumapili 17 Agosti 2025, kulala usiku mmoja Mto wa Mbu
Sarafu: Shilingi za Tanzania

Shikamooni mama zetu. Makadirio tuliyowatumia mwanzo yalikuwa na bei moja tu ya kichwa, na Mama Mhazini akatuuliza ndani yake kuna nini. Alikuwa na haki kuuliza. Fedha hizi ni akiba ya wanachama na lazima zisomwe kwenye kikao. Ankara hii inachukua nafasi ya makadirio yale, na kila fungu limesimama peke yake.

Tumewahesabu hivi: watu wazima 19 raia wa Afrika Mashariki, mtu mzima 1 mwenye pasipoti ya Oman, watoto 3 wa miaka 7 hadi 14, na mtoto 1 wa miaka 3. Ndugu yenu wa Mombasa yumo kwenye wale 19, kwa kuwa Mkenya analipa kiingilio sawa na Mtanzania.

A. Bei kwa kila mtu (malazi, chakula, huduma)

| Maelezo | Idadi | Bei | Jumla |
|---|---|---|---|
| Mtu mzima, chumba cha wawili | 20 | 150,000 | 3,000,000 |
| Mtoto, kitanda cha ziada chumbani kwa mzazi | 3 | 90,000 | 270,000 |
| Mtoto wa miaka 3, analala na mama yake | 1 | 0 | 0 |
| Nyongeza ya chumba cha peke yake | 2 | 30,000 | 60,000 |
| Jumla A | | | 3,330,000 |

Humo mna chakula cha jioni cha Jumamosi, kifungua kinywa cha Jumapili, chakula cha mchana cha kubeba siku zote mbili, na maji ya kunywa garini. Chakula cha kubeba kitakuwa kwenye maboksi ya karatasi. Nanyi msije na mifuko ya plastiki, ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Soda, zawadi na bahashishi ya madereva havimo. Nauli ya basi la Tanga–Arusha mnajilipia wenyewe, kama tulivyokubaliana.

B. Viingilio vya hifadhi (TANAPA)

| Maelezo | Idadi | Kwa hifadhi moja | Hifadhi mbili |
|---|---|---|---|
| Mtu mzima, Afrika Mashariki | 19 | 11,800 | 448,400 |
| Mtoto wa miaka 5 hadi 15 | 3 | 2,360 | 14,160 |
| Mtoto chini ya miaka 5 | 1 | 0 | 0 |
| Mgeni, pasipoti ya Oman | 1 | 153,400 | 306,800 |
| Jumla B | | | 769,360 |

Kiingilio cha mtu mzima ni 10,000, ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 unapata 11,800. Cha mgeni ni dola 50, na pamoja na kodi ni dola 59, tulizozigeuza kwa shilingi 2,600 kwa dola.

Tunajua hapa ndipo patazua maneno. Bi mkubwa aliyekuja kutoka Maskati amezaliwa Tanga, Kiswahili chake ni cha Tanga, lakini langoni kinachoangaliwa ni pasipoti. Hatuwezi kumwandika kuwa raia, na tunawaomba sana msijaribu.

Fungu hili si letu. Hatuongezi hata shilingi juu yake, na hatulikatii kamisheni. Tutalilipa kwa kontroli namba, na stakabadhi za malango yote mawili tutawakabidhi. Zikionyesha pungufu ya hapa, tofauti itarudi kwa Mama Mhazini.

Kila mtu mzima aje na kitambulisho chake halisi, cha NIDA au pasipoti, na watoto waje na nakala za vyeti vya kuzaliwa. Mwaka jana tulikwama langoni karibu saa nzima kwa sababu ya mtu mmoja aliyeacha kitambulisho nyumbani. Gari zote zilimsubiri yeye, jua likapanda, na wanyama wakaingia kivulini.

C. Usafiri

| Maelezo | Gari | Siku | Bei kwa siku | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Landkruza ya kufungua paa | 4 | 2 | 420,000 | 3,360,000 |
| Jumla C | | | | 3,360,000 |

Bei hiyo ina mafuta, dereva anayeongoza wageni, na kiingilio cha gari lenyewe langoni. Mliuliza kama gari 3 zisingetosha. Viti vingetosha, lakini wa katikati wangekwenda hadi Tarangire kutazama migongo ya wenzao. Kwa gari 4 mnakaa sita sita, kila mtu na dirisha lake. Mtoto wa miaka 3 amehesabiwa hapa kwa sababu anakalia kiti. Mgawo ni 3,360,000 kwa watu 24, yaani 140,000 kila mmoja.

D. Kamisheni ya wakala

Wakala aliyewaleta kwetu kutoka Tanga anapata asilimia 10 ya fungu A peke yake: 333,000. Inatoka kwenye mapato yetu, haiongezwi kwenye deni lenu. Tutamlipa baada ya safari kumalizika, tukishakata kodi ya zuio kwa mujibu wa sheria. Tumeiandika hapa ili asiwepo mwanachama wa kudhani Mama Mwenyekiti amewekewa kitu pembeni. Wakala naye anaijua ankara hii na ameikubali. Akiwadai chochote zaidi, tuambieni kabla hamjatoa.

Jumla ya deni

| | |
|---|---|
| A. Bei kwa kila mtu | 3,330,000 |
| B. Viingilio | 769,360 |
| C. Usafiri | 3,360,000 |
| Jumla kuu | 7,459,360 |
| Malipo ya awali, yamepokelewa 14 Julai 2025 | 2,500,000 |
| Salio | 4,959,360 |

Kodi ya ongezeko la thamani iliyomo tayari ndani ya A na C ni 1,020,508.

Kwa daftari la Mama Mhazini, mchango wa kila mmoja ni huu: mtu mzima 313,600, mtoto 234,720, mtoto wa miaka 3, 140,000, mgeni wa Maskati 596,800. Wale wawili wa vyumba vya peke yao waongeze 30,000 kila mmoja.

Malipo na masharti

Salio liingie kabla ya Jumatatu, 4 Agosti 2025, kwenye akaunti ile ile mliyoweka malipo ya awali. Msitume fedha kwenye simu ya dereva, ya wakala wala ya mfanyakazi wetu yeyote. Risiti ya mashine mtapewa siku fedha ikiingia.

Atakayejitoa hadi tarehe 4 Agosti atarudishiwa fungu A na B lote. Akijitoa baada ya hapo atarudishiwa B, ikiwa hatujailipa, na nusu ya A. Fungu C halirudi, kwa sababu gari linakwenda hata kiti kikiwa kitupu. Mkipata wa kumbadili, leteni jina lake na aina ya kitambulisho chake kabla ya tarehe 11 Agosti, hatutatoza kitu.

Kuondoka ni saa 12 kamili asubuhi, Jumamosi, hapa ofisini kwetu Arusha.

Mhasibu, safari za makundi
Arusha, 21 Julai 2025